Kolshiti yangu ya siku ya kwanza pale Dunga

Agosti iliyopita nilipewa kazi ya msaidizi wa kwanza wa mwongozaji katika filamu fupi ya darasa letu hapa Kisumu. Hadithi ni ya mvuvi na mwanawe. Tulikuwa na siku 4 za kurekodi, kikosi cha watu 14, na siku ya kwanza ilipangwa Jumamosi katika ufuo wa Dunga. Kolshiti, ile karatasi inayomwambia kila mtu afike wapi, saa ngapi na kwa kazi gani, ilikuwa juu yangu.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja wa muda: «Wote 06:00, Dunga.» Mhadhiri wetu aliisoma, akaniuliza swali moja tu: «Una watu wangapi wa meikapu?» Nilikuwa na mmoja. Waigizaji walikuwa watatu. Mama wa hadithi, ambaye onyesho lake lilikuwa la mchana, angefika na giza na kukaa kwenye jiwe saa sita nzima akitusubiri. Nikairarua, nikaanza upya.

Safari hii nilianza na shoti ya kwanza, nikahesabu kurudi nyuma. Ilinibidi kwanza niujue ufuo wenyewe, kwa hiyo Jumamosi iliyotangulia nilikwenda Dunga saa ileile tutakayofanyia kazi. Niliyoyakuta yalipindua ratiba yangu. Mashua zilizokesha ziwani zinarudi alfajiri. Jua linapochomoza injini zinanguruma na wanunuzi wanabishana bei kwa sauti kubwa. Kelele zilipungua baada ya saa mbili asubuhi hivi. Kisha, kuelekea saa tano, upepo wa ziwa ukaanza kuvuma kuja nchi kavu. Huo ndio upepo unaopiga maikrofoni na kufunika maneno. Kwa hiyo mazungumzo ya baba na mtoto kando ya mashua, onyesho la 4, yalikuwa na dirisha la kati ya saa mbili na saa nne na nusu. Nje ya hapo tungepata picha nzuri zisizo na sauti ya kutumika.

Basi nikaweka shoti pana isiyo na maneno kuwa ya kwanza, 07:30, ambapo kelele za wavuvi haziharibu kitu na mwanga bado ni laini. Hapa kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima, na ule mwanga wa dhahabu haudumu. Saa za kuchomoza na kuzama kwa jua ziandikwe juu kabisa kwenye karatasi, na ziwe za Kisumu. Mwenzangu mmoja alikuwa amenakili za Nairobi, na jua la Kisumu huchelewa kwa kama dakika 8 kuliko la huko. Dakika 8 asubuhi ni nyingi mtu anapopima mwanga.

Kutoka 07:30 nikashuka. Mwongozaji alihitaji kuwapanga waigizaji mahali pao kuanzia 06:50, mara tu kunapoonekana vizuri. Meikapu ya baba, aliyepaswa kuonekana amechomwa na jua miaka mingi, ilikadiriwa dakika 35. Ya mtoto, 15. Kwa hiyo baba kitini 06:00 hadi 06:35, mtoto 06:35 hadi 06:50, na wote wawili wako tayari mwongozaji anapowaita. Kamera ilihitaji saa nzima kupakua, kufunga na kukagua, hivyo gari lingetoka lango la hosteli 05:25 na kikosi kiwe ufuoni 06:00, tuanze na maelezo ya usalama: nani anavaa jaketi la kuokolea, nani haruhusiwi kupanda mashua. Mtu wa sauti alitoka nyumbani kwake Kondele, nikampa 06:30. Mtoto ana miaka 11, hivyo sikumwandikia muda peke yake. Niliandika jina lake na la mlezi wake katika mstari mmoja, wafike 06:20, kwa sababu mtoto hasimami seti bila mtu wake.

Mama wa hadithi nilimwandikia 11:15. Meikapu yake dakika 25, anakula na wenzake, kisha 12:45 anaingia onyesho la 2, ndani ya nyumba iliyo hatua chache kutoka ufuoni. Chakula niliweka 12:00, yaani muda wa saa sita, si zaidi, tangu kikosi kuitwa. Hiyo ni kanuni ya kawaida ya seti nyingi, na nimeona kwa macho yangu kwamba ukiivuka, watu huanza kukosea vitu vidogo.

Kwenye safu ya kurasa za muswada niliandika kwa sehemu za nane za ukurasa, kama inavyofanywa: onyesho la 4 kurasa 1 4/8, onyesho la 7 la baba kushona wavu 3/8, onyesho la 2 kurasa 1 1/8. Jumla kurasa 3. Kwa kikosi cha wanafunzi siku ya kwanza sikutaka kuzidi hapo, maana asubuhi ya kwanza kila kitu huchukua muda zaidi: kamera mpya mikononi, watu hawajazoeana.

Kuna jambo moja kuhusu ile nyumba ambalo karibu linipite. Nilikuwa nimeipanga mchana nikiamini kwamba mvua ikinyesha tutakuwa ndani. Lakini paa lake ni mabati, halina dari. Mvua ya jioni ya Kisumu ikianza juu ya mabati, huwezi kusikia hata mtu aliye mbele yako. Kwa hiyo katika safu ya maelezo niliandika: mazungumzo yote ya onyesho la 2 yamalizike kabla ya 15:00, shoti za mikono na vyombo zibaki mwisho. Mtu wa kamera aliposoma hilo alijua moja kwa moja lenzi gani aanze nayo.

Hospitali ya dharura, inayoandikwa kwenye kolshiti, nayo nilikosea, nikarekebisha. Kwa mazoea niliandika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia. Dereva akanikumbusha kwamba kutoka Dunga utavuka mji mzima kuifikia, ilhali hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapo mjini, njiani. Nikaweka hiyo ya kaunti, na namba ya dereva kando yake, kwa kuwa hospitali bila gari la kukufikisha haikusaidii.

Rasimu niliwapelekea wakuu wa idara Alhamisi, siku mbili kabla, wanisahihishe. Toleo la mwisho lilitoka Ijumaa 15:00. Ukituma mapema mno, mabadiliko yatakufuata na watu watabaki na karatasi ya zamani. Ukituma usiku, aliyelala hataiona, na asiye na bando hatapata pa kununua. Saa 15 kabla ya kuitwa zilitosha mtu kuchaji betri, kupanga boda na kulala.

Ijumaa hiyohiyo jioni ndipo niliposhukuru kwamba sikutegemea kidole gumba cha WhatsApp. Nilikuwa nimeomba kila mtu anijibu kwa kuandika saa yake mwenyewe, si «sawa». Mama anayetupikia alipiga simu.

«Mwanangu, nimeona chakula ni saa kumi na mbili. Ni cha asubuhi au ni cha jioni?»

Alikuwa amesoma 12:00 kama anavyosoma saa kila siku ya maisha yake. Kwake tarakimu 12 ni saa kumi na mbili, jua likichomoza au likizama. Hakukosea yeye. Niliyekosea ni mimi niliyeandika kwa saa ya Kizungu tu, katika kikosi ambacho nusu yake huongea saa ya Kiswahili. Fikiria mtu wa meikapu angesoma 06:00 kama saa sita.

«Ni saa sita mchana, mama. Kifike saa sita kasorobo.»

«Haya. Basi andika hivyo.»

Nikaandika hivyo. Kila muda kwenye karatasi ukapata maneno kando yake: «06:00, saa kumi na mbili asubuhi», «12:00, saa sita mchana», «05:25, saa kumi na moja na dakika ishirini na tano alfajiri». Nikaipa faili jina DUNGA_SIKU1_TOLEO2.pdf, nikafuta ile ya kwanza kwenye kundi, na kwenye ujumbe nikasema ni nini hasa kilichobadilika: maandishi ya saa tu, hakuna muda uliosogezwa. Bila sentensi hiyo kila mtu angelazimika kulinganisha karatasi mbili usiku, na hakuna angefanya hivyo. Wale ambao simu zao hufungua faili kwa shida niliwatumia picha ya ukurasa wa kwanza, pamoja na ujumbe mfupi wenye saa na mahali pao tu.

Jumamosi gari liliondoka langoni dakika tatu baada ya muda, na saa kumi na mbili kamili tulikuwa tumesimama mchangani tukisikiliza maelezo ya usalama. Kamera ilikuwa tayari mapema. Aliyetukwamisha ni mtu wa sauti. Saa kumi na mbili na nusu hayupo. Dakika kumi, hayupo. Boda alikuwa amempeleka Hippo Point, akamwambia ndiyo Dunga hiyohiyo. Kolshiti ilikuwa na kiungo cha ramani, lakini kinahitaji bando kukifungua, naye hakuwa nalo. Alifika saa moja kasoro dakika nane, jasho linamtiririka, mkoba wa vifaa kifuani.

Kwa bahati shoti ya kwanza haikuwa na maneno, hivyo alipata nafasi ya kujipanga bila kumshika mtu. Tulirekodi shoti hiyo saa moja na dakika thelathini na nane, nane nyuma ya ratiba. Saa mbili na robo mashua ya mwisho ilizima injini, tukaingia kwenye mazungumzo. Saa nne na dakika ishirini na tano mwongozaji alisema onyesho la 4 limekwisha, na robo saa baadaye niliona vitambaa vilivyofungwa kwenye mlingoti wa mashua vikianza kutikisika. Chakula kilifika saa sita kasorobo. Mvua ilianza saa kumi jioni, tukiwa tumebakiwa na shoti mbili za mikono ikiosha sufuria.

Jioni hiyo, nikiandaa kolshiti ya siku ya pili, niliacha kiungo cha ramani mahali pake, lakini juu yake nikaandika njia kwa maneno, kama unavyomwelekeza boda: kutoka mjini pita Hippo Point, usishuke hapo, endelea hadi ufuo wa samaki, uliza banda la kamati ya ufuo, gari letu liko upande wake wa kushoto. Nikampigia mtu wa sauti, nikamsomea mistari hiyo, nikamwomba anirudishie kwa maneno yake.