Ninavyopunguza loti mstari wa akaunti unaposhuka chini ya wastani wake

Mkakati wangu ni wa kufuata mwelekeo kwenye EURUSD: bei ikivuka kilele cha siku 20 nanunua, ikivunja bonde la siku 20 nauza. Mikakati ya aina hii hupata faida kwa makundi na hasara kwa makundi. Soko likilala bila mwelekeo, hasara ndogo hufuatana. Ndiyo maana niliamua kuutumia mstari wa akaunti yenyewe, yaani jumla ya faida na hasara zangu oda baada ya oda, kuniambia ni lini nipunguze ukubwa wa oda.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuacha kupima kwa dola. Dola huvurugwa na pesa unayoweka, unayotoa, na loti unazobadilisha. Kila oda naiandika kwa R, yaani kiasi nilichokuwa tayari kupoteza: stop losi ikigongwa ni -1, nikipata mara tatu ya hatari ni 3. Kwenye Excel matokeo yanakaa safu ya B, jumla yake C, wastani wa jumla hiyo kwa oda 20 za mwisho D, na ukubwa wa oda inayofuata E:

```
C2:  =SUM(B$2:B2)
D21: =AVERAGE(C2:C21)
E22: =IF(C21<D21,0.5,1)
```

Angalia kwamba E22 inatazama safu mlalo ya 21. Uamuzi unafanyika oda ikishafungwa, na unaigusa inayofuata tu.

Jambo linaloushikilia mfumo wote ni kwamba safu ya B inaandikwa kama oda kamili hata ninapoingia na nusu, na hata nisipoingia kabisa. Ukisimamisha mkakati halafu ukaacha kuandika, mstari unanyooka na hutajua lini urudi. Mimi naendelea kuandika kila ishara, kwa bei ambayo ningeipata kweli, pamoja na spredi.

Tuchukue mfano wa akaunti ya dola 2,000 yenye hatari ya dola 20 kwa oda. Kwa stop losi ya pipsi 100, hiyo ni loti 0.02. Mstari uko 18R, kisha zinakuja hasara tatu na kuufikisha 15R, wakati wastani ni 15.6. Umeshuka chini, kwa hiyo oda inayofuata ni loti 0.01. Zinakuja hasara nne nyingine, mstari unafika 11R. Nimepoteza dola 40 badala ya 80. Halafu inakuja faida ya 3R, tuko 14R, bado chini ya wastani ambao sasa ni kama 15.4. Inafuata 2R, tunafika 16R, na oda ya baadaye inarudi loti 0.02.

Tangu pale 15R, aliyebaki na loti kamili ameongeza dola 20, mimi nimeongeza 10, na aliyesimama kabisa hana kitu. Lakini kutoka kilele hadi shimoni, yeye wa loti kamili alishuka dola 140, mimi 100. Hicho ndicho ninachokinunua: shimo lisilo refu sana, kwa kulipa sehemu ya faida ya mwanzo wa kupanda. Kwa sababu hiyo napunguza nusu badala ya kusimama, maana faida kubwa za kufuata mwelekeo mara nyingi huja mstari ukiwa bado chini.

Kabla ya kuamini kanuni hii, nilipima kama matokeo yangu kweli yanashikana, yaani hasara hufuatwa na hasara na faida na faida:

```
=CORREL(B2:B200,B3:B201)
```

Kwa oda 200, namba iliyo kati ya -0.14 na 0.14 inaweza kuwa bahati tu. Kwa hiyo nilifanya pia jaribio la pili, ambalo naliona muhimu zaidi: nililinganisha kanuni na kutumia loti ileile iliyopunguzwa muda wote, kwa wastani uleule wa ukubwa. Kama shimo linapungua sawasawa kwa njia zote mbili, wastani haujui chochote. Umepunguza hatari tu, na ungeweza kufanya hivyo bila hesabu zote hizi. Kwenye mkakati wa kufuata mwelekeo kanuni ilishinda kidogo. Kwenye mkakati wangu mwingine, wa kununua bei ikirudi nyuma, ilishindwa vibaya, kwa sababu huko hasara hufuatwa upesi na faida na kanuni ilikuwa inapunguza loti palepale isipotakiwa. Huko sikuitumia.

Kwenye dhahabu kuna kizuizi kingine. Kwa mabroka wengi loti 0.01 ni wakia moja, kwa hiyo stop losi ya dola 20 tayari ni hatari ya dola 20. Akaunti ya dola 2,000 haina nusu ya kukata hapo. Ishara ikija mstari ukiwa chini, naiandika kwenye safu ya B na oda siweki.