Boksi la dawa kutoka Laleli

Hii ilikuwa 2022, mdogo wangu alienda Laleli, Istanbul kufuata nguo za duka lake la Makoroboi, mimi niko zangu Kirumba kwenye kaduka ka dawa ninakouza mpaka leo. Saa tisa na nusu mchana simu ikalia tii, picha ya WhatsApp, boksi la dawa limepigwa na flashi hadi katikati ni jeupe tu. Chini kaandika: "Dada mafua yananiua, jirani wa hotelini kanipa hii, ni nzuri?"

Nikaangalia. Jina kubwa la kampuni, halafu 20. Nikasema moyoni aah, miligramu 20, dawa gani hiyo ya mafua? Nikakaa kama dakika kumi nawaza ujinga, kumbe ile 20 ni idadi ya vidonge, pembeni yake kumeandikwa "film tablet" ila mwanga umeimeza. Na lile jina kubwa nalo halikuwa na msaada, jina la biashara ni la kampuni, unaweza kukutana na jina hilohilo nchi nyingine na ndani kumewekwa dawa tofauti kabisa.

Nikamwambia zima flashi, sogea dirishani, geuza ubavu wa boksi penye maandishi madogo. Akatuma. Neno la kwanza kulidaka likawa "titanyum dioksit", nikashtuka kidogo, lakini juu yake kulikuwa na "Yardımcı maddeler", nikachapa kwenye kamusi ya simu nikakuta ni vile vitu vya kusaidia tu, rangi na vya kushikilia kidonge kisivunjike. Hivyo havitibu. Nikapanda mstari wa juu, "Etkin madde", yaani dawa yenyewe inayofanya kazi, na hapo nilicheka peke yangu dukani mteja akanishangaa:

"Parasetamol 650 mg, Klorfeniramin maleat 4 mg"

Waturuki wanaandika kama wanavyotamka, kama sisi tu! Parasetamol ni ileile. Klorfeniramin ukiisoma kwa sauti unaisikia, ndiyo hii piriton yetu, kale kadonge kadogo ka njano ka miligramu 4. Na hizo namba ni za kidonge kimoja, maana mstari unaanza na "Her bir", kila kimoja.

Nikamuuliza, leo umeshameza nini kingine? Akajibu kwa raha zake: panadol alizotoka nazo Mwanza, mbili saa moja asubuhi, mbili saa saba mchana, na hiki cha boksi nimeshameza kimoja saa tisa, usiku naendelea na zote ili nipone haraka.

Hapo ndo nikaacha kucheka. Panadol nayo ni parasetamol, nne za miligramu 500 ni 2,000, jumlisha 650 inakuwa 2,650, na mtu mzima hatakiwi kupita 4,000 ndani ya masaa 24. Kwa mpango wake wa panadol mbili mara tatu na cha boksi mara mbili angefika 4,300. Na parasetamol ikizidi inaumiza ini kimyakimya, siku ya kwanza unaweza kusikia kichefuchefu tu au usisikie kitu, kwa hiyo kusema "mbona niko poa" hakusaidii.

Nikamwambia kunjua karatasi ya ndani, nipigie picha kichwa cha habari namba 1 na namba 3. Karatasi zao zimepangwa kwa namba, 1 inasema dawa ni ya nini, 3 inasema unatumiaje. Kwenye 1 nikaona "grip", "ateş" na "soğuk algınlığı", kamusi ikasema mafua makali, homa, mafua ya baridi. Sawa, kazi yake ndiyo hiyo. Kwenye 3 dozi ya mtu mzima ni kidonge 1, mara 3 hadi 4 kwa siku, na neno "saat" sikuhitaji hata kamusi, saa ni saa.

Basi nikampigia kabisa. Panadol weka kwenye begi usiziguse. Cha boksi meza kimoja tu saa tatu usiku (saa zao na zetu zinafanana, hilo lilinisaidia), hapo utakuwa 3,300, basi mpaka asubuhi. Ukiona macho ya njano, kutapika au maumivu ya tumbo upande wa kulia usiniandikie mimi, nenda hospitali na boksi mkononi. Na usimeze ukiwa unahesabu hela za watu, ile piriton inalaza.

Akasema sawa dada.

Kesho yake saa tano asubuhi ndo akaandika. Homa imeshuka, pua imekauka, ila kalala kama gogo, gari la kubeba mizigo limekuja limeondoka, marobota yake matatu bado yako koridoni.