Milango 43 Isiyokuwa na Namba

Mlango wa kwanza usiokuwa na namba niliuona mimi, si Mama, mhudumu wa afya ya jamii niliyekuwa nikifuatana naye. Tulikuwa Nyalenda, Kisumu, upande wa kuelekea Dunga, Machi mwaka wa 2022, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikuwa na kitabu cha MOH 513 mkononi, kile rejista ya kaya ambacho kila mhudumu wa afya ya jamii aliandikia watu wake, nikipiga tiki kila tulipopita. Tukafika kwenye ploti ya mabati, vyumba sita vimepangana mkabala na choo kimoja. Nikatafuta kwenye rejista. Hakuna hata kimoja.

"Mama, hawa ni wa nani?"

"Hawa walikuja juzi juzi," akasema. "Landilodi alijenga baada ya sisi kuhesabu."

Sitamtaja jina, na sikuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa na umri wa mama yangu, nami nilimwita Mama, yeye akaniita binti yangu, ingawa alijua nimetoka Kakamega na Kijaluo changu ni cha kusalimia tu.

Siku ile nilidhani nimebakisha kazi ndogo sana. Tasnifu yangu ilitathmini mpango wa wahudumu kutembelea kila kaya angalau mara moja kwa robo ya mwaka. Nilikuwa nimetumia kiunzi cha Enola Proctor na wenzake cha mwaka wa 2011, chenye matokeo manane ya utekelezaji: kukubalika, kupokewa, kufaa, kuwezekana, uaminifu kwa mpango, gharama, kupenya na kudumu. Nilikipenda kwa sababu kinatenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya: je, dawa hii inaponya, na je, dawa hii imemfikia mgonjwa? Mpango mzuri usiotekelezwa huonekana kama mpango mbaya, na bila kutenganisha hayo mawili huwezi kujua ni upi umekushinda.

Katika yale manane, kupenya ndiko nilikokuona rahisi. Unachukua waliofikiwa, unagawanya kwa wanaostahili kufikiwa. Kwa Mama, kitabu chake cha MOH 514, kile cha kurekodi ziara, kilionyesha kaya 92 zilizotembelewa robo ile, na rejista ilikuwa na kaya 98. Asilimia 94. Nilikuwa nimeshaiandika kwenye rasimu, na msimamizi wangu alikuwa ameipitisha bila swali. Ziara ya kule Nyalenda ilikuwa ya kuthibitisha tu.

Kumbe neno zito katika ile sentensi ni "wanaostahili", na mimi nililipita mbio. Rejista si kijiji. Rejista ni kijiji cha siku kilipohesabiwa. Utaratibu ulikuwa kuihuisha kila baada ya miezi sita, lakini pale haikuwa imeguswa kwa muda mrefu kuliko huo, na Nyalenda ni mtaa wa kupanga: ploti huota kati ya boma na boma, wapangaji huja mwezi huu na kuhama kodi ikipanda.

Tukaacha kufuata rejista, tukaanza kufuata njia. Siku mbili tulitembea kila uchochoro ndani ya mipaka ya Mama, mlango kwa mlango, tukiuliza nani hupika na kula pamoja, maana hiyo ndiyo kaya, si chumba. Zile 98 zilikuwepo, nyingi zikiwa za wenye maboma waliokaa tangu zamani. Lakini juu yake tulipata kaya nyingine 43. Jumla 141.

Jioni ya siku ya pili nilikaa kwenye kibao nje ya duka la chai nikagawanya 92 kwa 141. Asilimia 65. Nilihisi baridi. Kutoka 94 hadi 65 ni kutoka mpango uliofaulu hadi mpango unaowaacha watu wengi nje, na walioachwa hawakuwa wa kubahatisha: walikuwa wapangaji wapya, wengi wao kina mama vijana wenye watoto wachanga, wasio na shangazi wala jirani wa kuwaelekeza zahanati ilipo.

Nikamwonyesha Mama. Aliiangalia hesabu kwa muda, kisha akaniambia kwa upole, "Binti yangu, lakini hao wengine pia nimeenda kwao."

Akatoa mkobani daftari la shule, lile la mistari. Humo alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: tarehe, jina la mama, mtoto, "alikuwa na homa nikampeleka", "hajapata chanjo ya miezi tisa". Kaya 23.

"Mbona hukuziandika kwenye MOH 514?"

"Kitabu kinauliza namba ya kaya. Hawa hawana namba. Namba inatoka kwenye rejista, na rejista ikifunguliwa tena ndipo watapata. Nilipofundishwa niliambiwa watu wangu ni kaya mia. Hizi hakuna aliyeniambia nizifanyeje."

Basi makosa yalikuwa juu na chini ya mstari. Asilimia 94 ilikosea kwa kugawanya kwa kidogo, na asilimia 65 ilikosea kwa kuhesabu kazi pungufu. Kesho yake nilienda bila Mama, kwa sababu akiwa amesimama kando yangu hakuna ambaye angesema hajamwona. Nilichagua kaya 20 kati ya zile 92, zote zikaeleza alichofanya alipokuja mwisho. Kisha nikafuata zile 23 za daftari. Familia 4 zilikuwa zimehama, na vyumba vyao vina wengine. Zile 19 zilizobaki zilimjua, na maelezo yao yalifanana na ya daftari. Kwa hiyo 92 na 19 ni 111, na 111 kwa 141 ni asilimia 79. Kaya 30 zilikuwa hazijafikiwa: 6 za kwenye rejista, na 24 kati ya zile 43 zisizokuwa na namba.

Msimamizi wangu alitaka niandike 79 na kusonga mbele. Nilikataa, na ndio mara pekee nilibishana naye. Nikiandika moja tu, msomaji hataona tatizo liko wapi. Pengo la kati ya 94 na 79 ni la rejista, na hutibiwa kwa kuhesabu upya. Pengo la kati ya 79 na mia ni la miguu ya mtu mmoja anayejitolea kwenye kaya 141 huku akiwa ameandaliwa kwa mia, na hilo kiunzi huliweka chini ya kuwezekana, si kupenya. Kumsomesha tena Mama kusingeziba hata moja. Niliweka tarakimu zote tatu kwenye jedwali, kila moja na maelezo ya kilichogawanywa kwa kipi, na nikaandika wazi kwamba nilitembea mipaka ya wahudumu watatu tu kati ya kumi wa kitengo kile cha afya ya jamii, hivyo 79 ni ya Mama, haiwezi kubebeshwa kitengo kizima.

Mwezi wa Juni nilirudi kumpa nakala ya sura ile. Afisa anayewasimamia alikuwa amekuja na rejista mpya wiki iliyotangulia. Mama alinifungulia ukurasa wa kaya ya 99: ile ploti ya mabati, chumba cha tatu, mama wa miaka ishirini na mtoto wa miezi minne. Chini yake namba ziliendelea hadi 120, kisha kurasa zikawa tupu.

"Hao wengine," akaniambia, "amesema watagawiwa mhudumu mwingine. Bado hajapatikana. Kwa hiyo bado ninaenda."

Lile daftari la mistari lilikuwa mezani, limefunguliwa ukurasa mpya.