Nilivotenganisha muhuri, saini na maandishi ya kalamu na chapa ya barua ya ofisi

Ushirika wetu wa wakulima hapa Wete una jalada la barua za kiwanja, na kamati ikataka zote ziingie kwenye kompyuta, na si picha tu, wanataka maneno yanayoweza kutafutwa. Barua yenye chapa tupu haina tabu, unaiskani unaipa Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyomo kwenye picha, inaisoma, Kiswahili inakijua ukishaiwekea faili lake la lugha. Tabu iko kwenye barua iliyopita ofisini, muhuri wa kupokelewa umepigwa juu ya maneno, mkubwa kaandika maelekezo pembeni kwa kalamu, chini saini imelikata jina la mwenye kusaini, na programu haijui kua hivo ni vitu mbalimbali, inavisoma vyote kama mstari mmoja.

Nielezee barua moja tu kwani ndo iliyonifunza mengi. Imechapwa tarehe 3 Machi 2009, muhuri wa zambarau wa IMEPOKELEWA una tarehe 19 Machi 2009, na umeangukia palepale kwenye tarehe ya barua. Pembeni kuna maelekezo kwa kalamu ya buluu, chini kuna saini ya buluu na mbele yake k.n.y. ya mkono. Tesseract ikanipa 19 Machi kama ndo tarehe ya barua, na ile tarehe ya kweli ikatoka herufi zisizo na maana. Hapo mtu akisoma hajui kabisa kama barua ilikaa zaidi ya wiki mbili kabla ya kufika, na kwa mambo ya kiwanja hilo ni jambo kubwa khasa.

Sasa dawa yake iko kwenye rangi. Picha ya rangi kwenye kompyuta ni picha tatu zilizopandana, nyekundu, kijani na buluu, kila moja tunaiita chaneli. Wino mweusi wa chapa unaonekana mweusi kwenye zote tatu. Wino wa buluu ni mweusi kwenye chaneli nyekundu lakini kwenye chaneli ya buluu unafifia, karibu ulingane na karatasi. Zambarau nayo inafifia kwenye buluu. Wino mwekundu ni kinyume, unafifia kwenye nyekundu. Kwa hivo ukichukua kila pikseli ukaipa ile thamani kubwa kuliko zote katika chaneli tatu, kinachobaki cheusi ni kile tu ambacho ni cheusi kila pahala, yaani chapa, na wino wa rangi unaondoka. Na faida nyengine, karatasi iliyogeuka manjano kwa uzee nayo inatoka nyeupe, kwani manjano ni giza kwenye buluu tu. Kuupata muhuri na kalamu unatoa chaneli nyekundu kwenye buluu, chapa na karatasi vinatoka karibu na sifuri, wino wa buluu na zambarau unabaki. Mie nimeiandika kwa Python na maktaba ya OpenCV:

```python
import cv2
picha = cv2.imread("barua.png")
b, g, r = cv2.split(picha)
chapa = cv2.max(cv2.max(b, g), r)
_, chapa = cv2.threshold(chapa, 100, 255, cv2.THRESH_BINARY)
wino = 255 - cv2.subtract(b, r)
cv2.imwrite("chapa.png", chapa)
cv2.imwrite("wino.png", wino)
```

Halafu ile chapa ndo unaipa Tesseract:

```
tesseract chapa.png chapa -l swa
```

Hiyo 100 msiichukue hivohivo. Fungueni picha kwenye programu ya picha ya GIMP, muweke kile kichagua rangi juu ya herufi ya chapa mwangalie ile namba kubwa katika tatu za rangi, halafu juu ya muhuri palipo wino mzito zaidi. Kwangu mie chapa ilikua baina ya 40 na 60, muhuri hata pale ulipokoleza haukushuka chini ya 130, kwa hivo 100 inakaa katikati. Muhuri uliojazwa wino mpya unaweza kushuka zaidi ya hapo, na mkiona vivuli vya muhuri vimebaki kwenye chapa.png basi teremsheni ile namba kidogokidogo, lakini mkiteremsha sana herufi nyembamba za chapa zinaanza kukatika, i inapoteza kitone, m inakua kama rn.

Baada ya hapo tarehe 3 Machi ikatoka safi. Upande wa pili muhuri ulitoka na vijitundu vyeupe, na ukiangalia vizuri vijitundu vyenyewe vina umbo la zile herufi za tarehe zilizokua chini yake, kwani penye chapa nyeusi rangi haionekani. Msivizibe. Mkivichora mnatengeneza muhuri ambao haukuwepo, na picha ya muhuri ni ushahidi.

Kinachoharibu kazi yote hii ni namna barua ilivyoskaniwa. Skaneni kwa rangi, 300 dpi, mhifadhi PNG au TIFF. Mtu akikuletea barua kwa WhatsApp rangi imeshabanwa, JPEG mara nyingi inahifadhi rangi kwa ukali mdogo kuliko mwanga, kwa hivo rangi inamwagika pembezoni mwa herufi. Alama yake ni kua ukifungua wino.png unaona kama mizimu ya herufi za chapa, mistari myembamba imezizunguka. Skana rahisi nazo zinatoa mizimu hiyo hata kwenye PNG kwa sababu chaneli hazijakaa sawasawa, ila hapo inakua hafifu na unaweza kuifuta kwa kuondosha tofauti zote za buluu na nyekundu zilizo chini ya 40. Na zile app za simu zinazogeuza barua iwe nyeusi na nyeupe ili ionekane safi, hizo zinaua kila kitu, hakuna cha kutenganisha tena.

Saini ya kalamu nyeusi au nakala ya fotokopi njia hii haiwezi, rangi hakuna. Hapo mie naikata saini kwa mkono kwenye GIMP, pamoja na jina iliyolikata, naihifadhi kama picha peke yake na jina nalitaipu mwenyewe.

Kuutenga muhuri na kalamu vilivyomo pamoja kwenye wino.png nako sikutumia programu, vilikua vitu vitatu vimekaa pahala mbalimbali, unachora kisanduku unakata, dakika chache tu. Maandishi ya mkono Tesseract haiyawezi, usijisumbue. Nilimpelekea katibu wetu, nikamwambia Maalim hebu nisomee hapa, akasema hii mkono wake naujua, imeandikwa "Katibu, mipaka ioneshwe kwanza", na mie nilikua nasoma "iandikwe". Mtu anaeujua mwandiko hana badali.

Mwisho kila barua ina faili moja la maneno lenye sehemu zake. Chapa peke yake, kama ilivyotoka. Kisha muhuri: maneno yake, tarehe yake, umekaa wapi, umefunika nini. Kisha maelekezo ya kalamu, nani kayasoma, na neno lisilosomeka naweka [haisomeki], sibahatishi. Kisha saini, na hapa ile k.n.y. lazima iandikwe, kwani jina lililochapwa ni la mkuu lakini aliyesaini ni mwengine kwa niaba yake, na ukiiacha unamsainisha mtu barua ambayo hakuisaini. Picha ya asili haiguswi, inakaa hapohapo na vipande vyake, na tarehe ziko mbili, ya kuandikwa na ya kupokelewa, kila moja na pahala pake.