Chukua au acha: duru ya gunia la viazi

Jumamosi ya kwanza

Mchezo wangu wa soko kwa kidato cha tatu ulikuwa na duru tatu za kununua na kuuza, lakini haukuwa na hata duru moja iliyomfanya mwanafunzi aonyeshe anachokiona haki. Hicho ndicho kinachoniuma hapa Mbeya. Mzee wa Umalila analima viazi miezi yote, kisha mbele ya lori anaambiwa bei moja tu, tena kwa lumbesa: chukua au acha. Nataka vijana wakae pande zote mbili za lile lori.

Msingi wa duru nimeutoa kwenye jaribio ambalo Werner Güth na wenzake wa Ujerumani walilichapisha mwaka 1982. Watu wawili wanapewa fedha. Mmoja anapendekeza mgawo mara moja tu, na mwenzake anakubali au anakataa. Akikataa, wote wawili wanaondoka mikono mitupu. Kwa hesabu kavu anayepokea angekubali hata senti moja, kwa kuwa senti inazidi sifuri. Binadamu hafanyi hivyo.

Kwangu mgawaji ni mchuuzi mwenye gari na mpokeaji ni mkulima mwenye gunia. Gunia likifika mjini linaleta faida ya punje 10 za maharage. Mchuuzi anaandika kwenye kikaratasi punje ngapi anampa mkulima. Mkulima akisema hapana, viazi vinaoza, gari linarudi tupu, kila mmoja anapata sifuri. Punje moja ni pipi moja. Ili mfuko wangu usitoboke, tunacheza duru zote, kisha mwishoni tunapiga kura ya duru moja tu itakayolipwa. Kwa kuwa hakuna anayejua itatoka ipi, kila duru inachezwa kwa dhati.

Jozi zilikuwa 18, na 16 ziligawana tano kwa tano. Nilifurahi kwa dakika mbili, kisha nikaona nilipokosea. Walikaa ana kwa ana, marafiki kwa marafiki, na mimi mwenyewe katika maelezo nilisema “mgawane kwa haki”. Hapo nilikuwa nimepima adabu yao mbele ya mwalimu, basi.

Jumamosi ya pili

Nimetumia madarasa mawili. Wachuuzi chumba kimoja, wakulima kingine, kila mtu ana namba, na kiranja anapeleka bahasha. Hakuna anayejua amepangwa na nani, wala hataambiwa baadaye. Neno “haki” nimelifuta kwenye maelezo, na “kugawana” pia. Nasema tu “andika kiasi unachompa mkulima”.

Badiliko la pili ni kwamba mkulima anajibu kabla ya kuona bahasha. Nilianza kwa kuwauliza, “Kiwango cha chini utakachokubali ni punje ngapi?” Wengi wakaandika 7, 8, hata 9. Nilishangaa, mpaka msichana mmoja aliponieleza: “Mwalimu, si lazima nianze juu, naye atashusha?” Alikuwa anapatana bei kama yuko sokoni Mwanjelwa! Swali langu kwao lilikuwa mlango wa kupatana, na katika duru hii hakuna kupatana. Nikafuta matokeo yote ya asubuhi.

Sasa kila mkulima anapewa karatasi yenye mistari 11, kuanzia sifuri hadi 10, na kwenye kila mstari anaweka alama chini ya “Nakubali” au “Nakataa”. Kabla ya kuanza anajibu swali moja: “Mchuuzi akikupa 3 nawe umekataa 3, kila mmoja anapata ngapi?” Asiyejibu “sifuri wote wawili” naelezea tena. Karatasi hii inajisema yenyewe kama mtu hakuelewa: akikubali 2, akakataa 3, kisha akakubali 4, namfuata. Mmoja alikataa 9 nikadhani amekosea. Akasema anayekupa 9 ana lake jambo, atakuja kukudai. Nikamwachia alama yake.

Mambo yakabadilika. Wachuuzi saba walitoa 5, watano walitoa 4, watatu 3, wawili 2, na mmoja 1. Wastani ni punje 3.8 hivi. Jozi nne zilivunjika: mmoja wa waliotoa 3, wote wawili waliotoa 2, na yule wa 1. Punje 40 kati ya 180 zikaozea shambani.

Uzuri wa zile karatasi za mistari ni kwamba naweza kujua kila mkulima angefanya nini kwa kila bei, si ile aliyoletewa tu. Wakulima wote 18 wangekubali 5. Wangekubali 4 wakulima 16, wangekubali 3 wakulima 12, na 2 ni sita tu. Nikaandika ubaoni, tukapiga hesabu ya mchuuzi pamoja. Akitoa 5 anabaki na 5 kwa uhakika. Akitoa 4 anabaki na 6, lakini kwa wakulima 16 kati ya 18, yaani wastani wa 5.3. Akitoa 3, ile 7 yake inashuka hadi 4.7. Akitoa 2, ile 8 inakuwa 2.7. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha kijana aliyekuwa ametoa 2 akasema, “Kumbe nilijipunja mwenyewe.”

Niliwaambia pia kwamba mchezo huu ulishachezwa jirani yetu. Richard McElreath aliufanya kwa wakulima na wafugaji wa Usangu, katika utafiti wa jamii 15 ulioongozwa na Joseph Henrich na kuchapishwa mwaka 2001. Wasangu walitoa wastani wa karibu asilimia 40, huku Wamachiguenga wa Peru wakitoa karibu asilimia 26. Vijana wawili wenye asili ya Mbarali, huko huko Usangu, walikaa wima ghafla.

Jumamosi ya tatu

Swali lililonikosesha usingizi ni hili: aliyetoa 5, alitoa kwa kuwa ni muungwana au kwa kuogopa kukataliwa? Duru ya pili haiwezi kulijibu. Nikabadili majukumu, wakulima wakawa wachuuzi, na nikaondoa haki ya kukataa. Viazi vimeshapakiwa, mkulima anapokea atakachopewa.

Watatu walitoa 5, wanne 3, wanne 2, wawili 1, na watano hawakutoa kitu. Wastani umeshuka kutoka 3.8 hadi 2 na kidogo. Ile punje 1.8 hivi iliyopotea naisoma kama bei ya hofu, na zile 2 zilizobaki ndizo zilizotoka moyoni. Lakini siwezi kuapa. Hawa walikuwa wakulima wiki iliyopita, na wapo walioletewa 1 na 2, kwa hiyo huenda baadhi walikuwa wanalipiza. Mkondo wa pili wataanza na duru hii, ndipo waje kwenye ile ya kukataa, nione kama pengo linabaki.

Inayofuata

Duru ya uaminifu nimeipa jina wanalolijua: mali kauli. Mkulima ana punje 10, anampa mchuuzi kiasi anachotaka bila kulipwa, zinazofika mjini zinazidishwa mara tatu, na mchuuzi anarudisha anachotaka. Joyce Berg na wenzake waliucheza hivyo mwaka 1995. Nimeujaribu na walimu wanne tu ofisini. Mmoja alipeleka 6, zikawa 18, akarudishiwa 4. Hajaniuliza nani alikuwa mchuuzi wake, ila amekuja mara mbili kuniuliza kama tutarudia, na kama safari hii yeye ndiye atakuwa na gari.