Dakika 20 za piano kila siku: ratiba iliyomkubali binti yangu baada ya mbili kunishinda

Binti yangu ana miaka 14, yuko S2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, shule ya kutwa hapa Jinja, Uganda, akifika nyumbani saa kumi na mbili inakaribia na bado ana homuweki. Nilipoanza kuuliza watu jinsi ya kumpangia mazoezi ya piano ya dakika 20 kwa siku, mmoja anayefundisha watoto wa wenzangu akaniambia kavu kabisa, "Mama, chini ya saa nzima kwa siku unapoteza hela, bora asubiri likizo." Ilinikera na mpaka leo inanikera, kwa sababu likizo ikifika vidole vimeshasahau kila kitu, tutakuwa tunaanza upya mara tatu kwa mwaka.

Kibodi tulinunua ya mkono wa pili, kama laki tisa hivi, ukiongeza stendi na boda ya kuileta labda ilifika milioni. Ina funguo 61, inakubali betri umeme ukikatika, na ina tundu la hedifoni, hilo msilidharau kama mnakaa nyumba za kupanga. Mwalimu anakutana naye Jumamosi tu, kanisani. Wimbo aliompa ni Minueti ya G meja, ile ambayo miaka mingi watu walidhani ni ya Bach kumbe ni ya Christian Petzold, baa 32, yaani vile visehemu vifupi vilivyotengwa kwa mistari kwenye karatasi ya noti.

Ratiba yangu ya kwanza niliipanga kama ya shule. Jumatatu skeli, yaani kupanda na kushuka noti kwa mfuatano, Jumanne mkono wa kulia, Jumatano wa kushoto, Alhamisi kusoma noti mpya, Ijumaa mikono yote. Nikaibandika ukutani, nikaona nimemaliza kazi. Sasa angalia kilichotokea: Jumatano mkono wa kushoto unakaa vizuri kabisa, tunafurahi, halafu hauguswi tena peke yake mpaka Jumatano nyingine, na ikifika anatafuta noti kama hajawahi kuziona. Ijumaa ya mikono miwili ilikuwa machozi. Wiki tatu zikaenda hivyo na mimi nalaumu dakika kuwa chache, kumbe tatizo lilikuwa zile siku saba katikati. Kitu kipya kwenye vidole kinataka kurudiwa kesho au keshokutwa, kikikaa wiki nzima kinapotea.

Basi nikabadilisha, nikamwambia apige wimbo wote kila siku kuanzia mwanzo. Hiyo nayo ilikuwa mbaya kwa njia yake, maana kila akikwama anarudi baa ya kwanza, kwa hiyo baada ya wiki mbili baa 8 za mwanzo zilikuwa zinang'aa na kuanzia baa ya 17 ni giza tupu. Ukimsikiliza ukiwa jikoni unadhani anaendelea vizuri sana kwa sababu unachosikia ni ule mwanzo tu, jioni nzima.

Iliyokubali ni hii. Jumamosi baada ya somo tunakaa na karatasi yake ya noti, anachagua mwenyewe sehemu tatu zinazomsumbua, kila moja isizidi baa 4, anazizungushia penseli na kuziita A, B na C. Jumatatu anafanya A na B, Jumanne B na C, Jumatano A na C, Alhamisi A na B tena, Ijumaa B na C. Hakuna sehemu inayolala zaidi ya siku moja kabla ya Ijumaa, na ile inayomsumbua kuliko zote ndiyo anaipa herufi B kwa sababu inapata siku nne. Kila siku dakika 3 za kwanza ni skeli ya G meja, ileile ya wimbo, ili ile F shapu iwe tayari mkononi, halafu dakika 6 kwa kila sehemu, na dakika 5 za mwisho anapiga anachotaka yeye, nyimbo za simu, kwaya, siingilii hata kidogo. Nilipojaribu kuzikata hizo dakika 5 alianza kukwepa kibodi, nikazirudisha siku ya pili yake. Jumapili hakuna mazoezi.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna mtu aliniambia na ndilo lililotuokoa. Makosa mengi hayakuwa ndani ya baa, yalikuwa kwenye maungio. Mfano baa ya 2 na ya 3: baa ya 2 mkono wa kulia unamalizia na G mbili za kidole gumba, kisha baa ya 3 mkono wote unahama juu, kidole cha tatu kinaanguka kwenye noti ya E na gumba linahamia noti ya C. Baa ya 2 aliijua, ya 3 aliijua, lakini hapo katikati anasimama kila siku, kama mtu anayeruka mtaro. Tukaamua sehemu isianze mwanzoni mwa baa, ianze na noti ya mwisho ya baa iliyotangulia. Yaani anapiga ile G moja na E inayofuata, basi, mara kumi hivi pole pole, halafu anaongeza noti zinazofuata. Siku tatu, akaacha kusimama.

Muungo mwingine ni wa ajabu zaidi, maana mkono wa kulia baa ya 9 mpaka 14 unarudia yaleyale ya baa ya 1 mpaka 6, njia inagawanyika kwenye ya 7 na ya 15. Alikuwa akifika ya 6 anaruka moja kwa moja kwenye ya 15, wimbo unakatika mbio. Hiyo tukaiita njia panda na ikawa herufi B wiki nzima: anapiga 6 kwenda 7, papo hapo 14 kwenda 15, zinafuatana, mpaka sikio lizitofautishe. Ukizifanyia mazoezi siku tofauti hazitengani kamwe, tulijaribu.

Kuhusu kasi, metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo, inatosha. Tulianza mapigo 60 kwa dakika, akipiga sehemu mara tatu mfululizo bila kosa anapanda 4, akikosea mara mbili anashuka 4 bila kubishana. Lakini mimi siangalii alifika wapi jana usiku, naangalia jaribio la kwanza la leo, kabla mikono haijapata moto. Jana alifika 84, leo la kwanza likikubali 72, basi tunaandika 72 pembeni ya herufi na hiyo ndiyo namba ya kweli. Mwanzoni alinuna, "Mama lakini jana nilifika 84!" Nikamwambia Jumamosi mwalimu hataisikia ya jana.

Kitu ambacho ratiba haikutibu ni uzito wa funguo. Kibodi yetu ni laini, piano ya kanisani ni nzito, kwa hiyo noti za mkono wa kushoto zilikuwa zinamezwa. Tuliomba afike nusu saa kabla ya somo akazoee, wakakubali.

Ilichukua wiki tisa. Wiki ya mwisho ya muhula alipiga mbele ya watu, baa zote 32, kasi 100. Baa ya 15 aliipita salama, na nilimwona alivyoshusha mabega alipoipita.