Kuliacha Jina la Mfinanga

Cheti changu cha kidato cha nne kinasema Zaina Athumani Iddi. Kitambulisho cha taifa kilikuwa kinasema Zainabu Athuman Mfinanga. Mtu ni yuleyule na baba ni yuleyule, ila majina yote matatu yalikuwa yamepishana, na kila moja kwa njia yake.

Shuleni nilikuwa Zaina Athumani Iddi tangu darasa la kwanza: jina langu, la baba, la babu. Uandikishaji wa vitambulisho ulipopita kijijini kwetu, huko wilayani Same, fomu yangu aliijaza baba mdogo, kwa sababu ndiye mwenye mwandiko mzuri nyumbani. Akaandika Zainabu, kwa kuwa ndivyo alivyoniita siku zote. Akaandika Athuman bila i ya mwisho, kama anavyoandika jina la kaka yake kwenye kadi za michango ya harusi. Kisha akamalizia na Mfinanga, jina la ukoo, maana kwake mtu asiye na ukoo kwenye kitambulisho cha serikali ni mtu wa kuokotwa.

Kwa miaka kadhaa hakuna aliyeuliza. Laini ya simu ilisajiliwa kwa alama za vidole, akaunti ya benki ikafunguliwa, yote kwa Mfinanga. Nikasoma stashahada ya uuguzi, na chuo kikafuata jina la cheti cha kidato cha nne, kama vyuo vinavyofanya. Leseni kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga ikafuata jina la chuo. Kwa hiyo maisha yangu yalikuwa na mikondo miwili isiyokutana: masomo yote upande mmoja, simu na benki upande wa pili.

Ilikutana mwaka 2022, zilipotangazwa nafasi za wauguzi. Ukijisajili kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, unaingiza namba ya NIDA, na majina yanakuja yenyewe kutoka kwenye kitambulisho. Huwezi kuyafuta uandike unayotaka. Nikaona Zainabu Athuman Mfinanga juu ya ukurasa, na chini yake napandisha vyeti vya Zaina Athumani Iddi. Rafiki yangu aliyekwisha kupita huko akanitumia tangazo la zamani la kuitwa kwenye usaili. Katika masharti yake kulikuwa na mstari mmoja kwa wenye majina yanayotofautiana: waje na Deed Poll, yaani hati ya kubadili jina, iliyosajiliwa.

Kijana wa stesheneri karibu na mahakama aliniambia nisihangaike, kiapo kinatosha, ana fomu tayari, najaza majina tu na wakili anagonga muhuri. Watu wengi huishia hapo. Bahati yangu wakili mwenyewe alikuwepo, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akaichukua ile fomu mkononi mwangu.

“Mwanangu, unataka nini hasa?” akauliza.

Nikamweleza. Akanikalisha.

Kiapo, alisema, ni maneno yako kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Kinasaidia mahali ambapo mtu anakaa mezani na kukusoma. Lakini hakibadilishi chochote kwenye mfumo. Kesho ukiingiza namba ya NIDA, Mfinanga atatokea tena. Unachohitaji ni hati ya kubadili jina, ambayo ndani yake unaliacha jina moja na kushika jingine moja kwa moja, halafu inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa: “Unaliacha lipi?”

Mimi nilidhani jibu ni rahisi, niandike vyeti vifuate kitambulisho, kwa sababu kitambulisho ndicho cha taifa. Akatikisa kichwa. Baraza la Mitihani hutoa cheti kwa jina ulilosajiliwa nalo kufanya mtihani, na halitakitoa upya eti kwa sababu umebadili jina ukubwani. Ukiandika hati ya kushika Mfinanga, cheti kitabaki Iddi milele, na stashahada, na leseni. Kitambulisho ndicho kinachorekebishika. Namba yake haibadiliki hata jina likibadilika, kwa hiyo kila kilichofungwa kwenye ile namba kinabaki chako. Alisema ameshaona watu wanaleta hati iliyoandikwa kinyumenyume, imesajiliwa, imelipiwa, na haiwasaidii kitu.

Akataka pia cheti cha kuzaliwa. Changu kilisomeka Zaina, na sehemu ya baba Athumani Iddi. Alifurahi kuliko mimi. Hicho ndicho kilichoonyesha kwamba jina ninalolishika sikulibuni.

Rasimu ilipotoka niliichukua nyumbani, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Lugha ya hati hizi haina aibu. Iliandikwa kwamba mimi, niliyekuwa nikijulikana kama Zainabu Athuman Mfinanga, ninalikana, ninaliacha na kulitupilia mbali kabisa jina hilo. Baba mdogo aliisoma akiwa amesimama, akarudia “kulitupilia mbali” kwa sauti.

“Kwa hiyo sisi ni takataka?”

Nikamwambia baba mdogo, ni maneno ya kisheria tu. Akasema sheria gani inamfundisha mtoto kukana ukoo wake. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akamuuliza mdogo wake, “Iddi ni nani?” Iddi ni baba yao. Jina nililokuwa nalishika lilikuwa la marehemu baba yake mwenyewe. Baba mdogo aliirudisha karatasi mezani na kwenda kuangalia ng’ombe. Hakusema amekubali, lakini asubuhi alinipa nauli ya Moshi.

Mbele ya wakili nilisaini nakala mbili zenye picha zangu za pasipoti, akaweka muhuri kiasi unagusa pembe ya picha. Kwenye ofisi ya ardhi pale Moshi, ambako ndiko hati hizi husajiliwa, nilipewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu ada ya usajili na ushuru wa stempu, nikaacha nakala zote. Moja hubaki kwao, nyingine hurudi kwako ikiwa na namba ya usajili na muhuri wa Msajili. Hiyo namba ndiyo uhai wa hati. Bila hiyo una karatasi ya wakili tu, hata iwe na mihuri mingapi.

Ofisi ya vitambulisho ya wilaya walitaka hati hiyo, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na barua ya serikali ya kijiji. Nikajaza fomu ya marekebisho, nikaweka vidole na kupigwa picha upya. Yule dada aliyenihudumia aliniasa niandike Athumani kwa i hiyohiyo iliyo kwenye cheti, maana wengi hukumbuka ukoo na kusahau herufi, wakalazimika kuanza upya.

Kadi mpya ilichelewa, ila mfumo ulitangulia. Niligundua kwa kufungua Ajira Portal usiku na kukuta juu ya ukurasa Zaina Athumani Iddi. Nafasi zile zilikuwa zimeshafungwa, niliomba zilizofuata.

Kwenye usaili mhakiki alilinganisha vyeti na kitambulisho, havikupishana, akaendelea. Hati niliyoibeba kwenye bahasha ya plastiki hakuiomba. Walioiomba ni benki, kwa sababu akaunti ya mshahara ilikuwa bado ya Mfinanga, na baada yao kampuni ya simu, ambako ilibidi nisajili laini upya kwa vidole.

Nakala moja iko kwa baba mdogo. Aliiomba mwenyewe.